Jinsi ya kumwandikia afisa ugani kuhusu rangi za majani na matunda ya nyanya zinazougua

"Majani yamekuwa ya njano na matunda yanakuwa meusi, naomba unitajie dawa." Afisa ugani akipokea barua ya namna hii hana la kufanya ila kubahatisha. Jani la nyanya huwa la njano kwa kukosa mbolea, kwa virusi, kwa utitiri, kwa kuvu ya majani, kwa kuvu inayoziba mishipa ya shina, au kwa uzee tu. Weusi wa tunda nao una sababu zake, na mojawapo haitibiwi kwa dawa ya aina yoyote. Rangi peke yake haitoshi kuyatenganisha haya. Kinachoyatenganisha ni mahali ilipoanzia rangi hiyo: chini ya mmea au juu, ukingoni mwa jani au katikati ya mishipa, upande wa kikonyo cha tunda au kitakoni.

Kwa hiyo barua nzuri ni ile inayotaja rangi na mahali pake kwa pamoja, kila mara. Hapa chini ni namna ya kukusanya habari hizo shambani, kisha barua moja kamili, kisha jinsi afisa anavyoisoma mstari kwa mstari.

Kwanza, ingia shambani asubuhi

Kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi ndio wakati wa kuangalia. Umande bado upo, na kuna ugonjwa mmoja mkubwa, bakajani chelewa, ambao ukungu wake mweupe huonekana chini ya jani wakati wa unyevu, halafu hupotea jani likikauka. Mchana majani hujikunja kwa joto hata kama ni mazima, na mwanga wa jioni huyapa majani ya kijani rangi ya unjano ambayo si yake. Geuzia jua mgongo, ulikinge jani kwa kivuli chako, ndipo useme ni rangi gani.

Lowesha kidole, usugue doa. Dawa ya kuvu ya mankozebu huacha unga mweupe wenye unjano kidogo, na dawa zenye shaba huacha rangi ya buluu. Wapo watu wameandika barua nzima kuhusu "ukungu wa buluu" ambao ulikuwa dawa yao wenyewe ya juzi. Rangi ikitoka kwa kidole, ni dawa au vumbi. Ikibaki, ni ya jani.

Usichunguze mmea ule ulio hoi kuliko yote. Mmea uliokwisha kukauka umepoteza rangi zote za mwanzo, umebaki kahawia tu, na kahawia ndiyo rangi ya mwisho ya kila ugonjwa. Tafuta mmea ambao umeanza kuugua siku mbili tatu zilizopita, wenye majani mazima na majani mabovu kwa pamoja. Huo ndio utakaouelezea.

Kisha hesabu. Pita shambani kwa mwendo wa kwenda mbele na kurudi kama unachora herufi Z, usimame mahali pa 5, na kila mahali uangalie mimea 10 iliyofuatana. Utakuwa umeangalia mimea 50. Andika ni mingapi ina dalili, na kama iliyougua imekusanyika sehemu moja (bondeni, karibu na mfereji, pembeni mwa shamba) au imetawanyika kila mahali. Upungufu wa mbolea na matatizo ya maji mara nyingi hufuata umbo la udongo au la mfereji, ilhali virusi vinavyoletwa na inzi weupe huanza kwa mmea mmoja hapa, mwingine kule.

Kueleza rangi ya jani

Anza na mahali jani lilipo kwenye mmea. Hili ndilo jambo linaloachwa zaidi katika barua, na ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Naitrojeni na magineziamu ni virutubisho vinavyohama: mmea ukivikosa huvinyonya kutoka kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga, kwa hiyo unjano huonekana chini kwanza. Chuma hakihami. Kikipungua, majani machanga ya juu ndiyo yanayopauka, na ya chini hubaki ya kijani. Mkulima akiandika "majani ya njano juu tu", tayari naitrojeni imeondoka kwenye mawazo ya msomaji.

Baada ya hapo eleza mahali rangi ilipo kwenye jani lenyewe. Jani lote kupauka sawasawa pamoja na mishipa yake ni jambo moja, na mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Mishipa kubaki ya kijani huku nafasi zilizo katikati yake zikiwa za njano ni jambo jingine: kwenye majani ya zamani huelekeza kwenye magineziamu, kwenye machanga huelekeza kwenye chuma. Kingo kuungua na kuwa kahawia kwenye majani ya zamani huelekeza kwenye potasiamu. Kingo kuwa za njano kwenye majani madogo ya juu, yaliyokunjika kwenda juu kama kikombe, na mmea kudumaa, ni alama ya virusi vya njano vinavyobebwa na inzi weupe. Ukiandika "njano pembeni" bila kusema juu au chini, umempa msomaji mambo mawili yasiyohusiana kabisa.

Kama ni madoa, eleza ukubwa wake kwa milimita, rangi ya katikati, rangi ya ukingo, na kama doa lina pete ndani ya pete. Eleza pia kama doa ni kavu na jembamba kama karatasi au ni la majimaji. Halafu geuza jani. Upande wa chini una habari ambazo upande wa juu hauna: ukungu, utando wa utitiri, mayai, rangi ya zambarau. Kama hukugeuza, andika kwamba hukugeuza. Ni bora hivyo kuliko msomaji kudhani chini ni safi.

Maneno ya rangi yenyewe yafunge kwenye kitu kinachojulikana na kila mtu. "Kahawia" ni pana mno, kwa hiyo andika kahawia ya kutu, kahawia ya udongo mkavu, kahawia inayokaribia nyeusi. "Kijani kilichofifia" kinaweza kuwa cha njano au cha kijivu, na tofauti hiyo ni kubwa: kijani cha kijivu chenye majimaji, kama jani lililomwagiwa maji ya moto, ndicho mwanzo wa bakajani chelewa.

Kueleza rangi ya tunda

Tunda ligawe sehemu tatu: upande wa kikonyo, ubavuni, na kitakoni, yaani pale ua liliponyaukia. Kila rangi unayoitaja iweke kwenye mojawapo ya sehemu hizo. Weusi wenye pete, uliobonyea, unaoanzia kwenye kikonyo, ni wa ugonjwa wa kuvu uitwao bakajani tangulia. Kahawia ngumu yenye kung'aa kama imepakwa mafuta, mara nyingi kuanzia mabegani mwa tunda na kushuka, ni ya bakajani chelewa. Weupe au unjano mkavu ubavuni, upande uliotazama jua tu, ni kuungua kwa jua, na hutokea zaidi majani yakishapukutika. Weusi wa kitakoni ni habari nyingine, tutauona kwenye barua.

Taja umri wa tunda lilipobadilika: lilikuwa na ukubwa wa gololi, au nusu ya ukubwa wake, au lilikuwa linaiva. Libonyeze kwa kidole gumba useme ni gumu au laini. Lipasue useme ndani kuna nini. Na kama tatizo ni kwamba matunda yanaiva rangi ya chungwa badala ya nyekundu, andika hali ya joto ya wiki hizo, maana joto likizidi nyuzi 30 nyanya hushindwa kutengeneza rangi nyekundu vizuri hata kama mmea hauna ugonjwa.

Barua yenyewe

Chukua mfano wa mkulima mwenye mimea 1,200. Anaona madoa kwenye majani na weusi kwenye matunda kwa wakati mmoja, na anaamini ni ugonjwa mmoja kwa sababu vimekuja pamoja. Akifuata utaratibu huu, barua yake inakuwa hivi:

> Kwa Afisa Ugani,
>
> YAH: MADOA KWENYE MAJANI NA WEUSI KWENYE MATUNDA YA NYANYA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Nina mimea 1,200 ya nyanya fupi, niliyoipandikiza wiki 9 zilizopita. Msimu uliopita shamba hilo lilikuwa na bilinganya. Namwagilia kwa mfereji. Pampu iliharibika, shamba likakaa siku 9 bila maji, kisha nikamwagilia sana kwa siku 2 mfululizo. Hiyo ni wiki 3 zilizopita.
>
> Majani: Dalili zilianza siku 12 zilizopita kwenye majani ya chini kabisa, sasa zimefika katikati ya mmea. Majani ya juu ni ya kijani na mazima. Madoa ni ya mviringo, kuanzia milimita 3 hadi 12. Katikati ni kahawia inayokaribia nyeusi, makavu, na makubwa yana pete ndani ya pete. Kila doa limezungukwa na ukingo wa njano. Jani lenye madoa mengi huwa la njano lote, kisha hukauka na kuning'inia. Niligeuza majani saa 12:30 asubuhi kukiwa na umande, sikuona ukungu mweupe. Shina lina madoa machache ya namna hiyohiyo karibu na ardhi.
>
> Matunda: Weusi uko kitakoni tu. Kwenye kikonyo na ubavuni hakuna kitu. Huanza tunda likiwa nusu ya ukubwa wake, kama doa la majimaji lenye rangi ya maji ya chai, kisha huwa kahawia, halafu jeusi, limelala bapa na ni kavu kama ngozi. Ukibonyeza halitoi maji. Matunda haya huwahi kuwa mekundu kabla ya mengine kwenye kishada kilekile. Machache ya zamani yana vumbi jeusi laini juu ya doa. Ni vishada vya kwanza na vya pili. Cha tatu bado ni kizima.
>
> Hesabu: Kati ya mimea 50 niliyoangalia mahali pa 5, 31 ina madoa ya majani. Kati ya matunda 100 niliyoyahesabu, 14 yana weusi kitakoni. Mimea 6 ina weusi wa matunda lakini majani yake hayana doa hata moja. Yenye madoa ya majani imetawanyika shamba zima. Yenye weusi wa matunda ni mingi zaidi upande wa juu, ambako maji hufika mwisho.
>
> Nilichokwisha kufanya: Wakati wa kupandikiza niliweka DAP. Wiki ya 3 na ya 6 niliweka yuria, kisoda kimoja kila shina. Nimepuliza mankozebu mara 2, gramu 50 kwa bomba la lita 20, ya mwisho siku 5 zilizopita. Madoa mapya ya majani yamepungua, weusi wa matunda haukubadilika.
>
> Nimefunga jani, tunda na picha. Nakuomba unieleze ni tatizo gani na nifanye nini kabla ya kupuliza tena.
>
> Wako katika kilimo,

Jina na namba ya simu hufuata hapo. Barua haijataja jina la ugonjwa hata mara moja, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mkulima akianza na "nyanya zangu zina bakajani", huishia kuona yale tu yanayofanana na bakajani, na msomaji naye husoma akiwa ameshaelekezwa.

Afisa anavyoisoma

Madoa yenye pete, ukingo wa njano, majani ya chini kwanza, mmea uliokwisha kubeba matunda, na bilinganya msimu uliopita: hayo yote yanakwenda kwenye bakajani tangulia, kuvu inayokaa kwenye mabaki ya mazao ya jamii moja na nyanya. Kutokuwepo kwa ukungu mweupe asubuhi na madoa kuwa makavu kunaiondoa bakajani chelewa. Mstari kuhusu umande ndio uliofanya kazi hiyo, bila huo angelazimika kuuliza.

Akifika kwenye matunda, anasimama kwenye neno "kitakoni tu". Bakajani tangulia kwenye tunda huanzia kwenye kikonyo. Weusi wa kitakoni, bapa, mkavu kama ngozi, ni kuoza kitako, na huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu wakati linakua kwa kasi. Kalsiamu hupanda na maji kutoka kwenye mizizi, kwa hiyo maji yakikatika siku 9 na kurudi kwa kishindo, sehemu ya tunda iliyo mbali zaidi na kikonyo ndiyo inayoikosa kwanza. Mara nyingi kalsiamu ipo udongoni, kilichokosekana ni maji ya kuipandisha. Yuria iliyozidi huongeza tatizo kwa sababu hukuza majani mengi yanayovuta maji hayo yasifike kwenye matunda. Lile vumbi jeusi ni ukungu uliokuja baadaye kula sehemu iliyokwisha kufa, na ndilo linalowadanganya wengi kuamini kuwa kuvu ndiyo chanzo.

Hesabu inathibitisha hayo. Mimea 6 yenye matunda meusi na majani safi haiwezi kuelezwa kwa bakajani, na weusi kuzidi upande ambako maji hufika mwisho unaelekeza kwenye maji moja kwa moja. Mkulima alikuwa na matatizo mawili, na mankozebu ilikuwa ikijibu moja tu.

Majibu yake basi yanagawanyika. Kwa majani: aondoe yale ya chini yenye madoa na yanayogusa ardhi, wakati mmea ni mkavu, ayatoe nje ya shamba, aendelee na dawa kwa vipindi vya siku 7 hadi 10 kadiri lebo inavyosema, na aheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Msimu ujao asipande nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili hapo, na akae hivyo miaka 2 au 3. Kwa matunda: amwagilie kidogo kidogo kwa siku zilizopangwa, aweke matandazo, asimamishe yuria, na ayachume yaliyooza kitako kwa kuwa hayaponi. Kupuliza kalsiamu kwenye majani kunasaidia kidogo mno, kwa sababu ikishaingia kwenye jani haihamii kwenye tunda.

Sampuli na picha

Chagua jani lenye sehemu nzima na sehemu mbovu, na tunda ambalo doa lake bado linakua. Vifunge kwenye karatasi kavu, gazeti linafaa. Usitumie mfuko wa plastiki: joto na unyevu hufanya kila kitu kiwe laini na cheusi ndani ya siku moja, na afisa atapokea uozo usio na jina. Usioshe. Kama dalili ni kunyauka, ng'oa mmea mzima na mizizi yake, kwa sababu jani peke yake halisemi chochote.

Picha zipigwe kivulini, tatu zinatosha: mmea mzima, jani juu na chini yakiwa pamoja, na tunda likionyesha kikonyo na kitako. Weka karatasi nyeupe kando ya jani. Kamera za simu hubadilisha rangi zenyewe, na msomaji akiiona karatasi imekuwa ya njano au ya buluu atajua ni kiasi gani picha imedanganya.

Wakati barua imechelewa

Kuna hali mbili ambazo simu hutangulia na barua hufuata. Ya kwanza ni madoa ya kijani cha kijivu yenye majimaji yanayokua na kuwa meusi ndani ya siku moja mbili, pamoja na weusi kwenye shina, wakati wa baridi na mvua. Hiyo ni bakajani chelewa, na shamba zima linaweza kwisha katika siku chache. Ya pili ni mmea kunyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, bila unjano wowote. Kabla ya kupiga simu, kata kipande cha shina cha karibu na ardhi, chenye urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Nyuzi za rangi ya maziwa zikianza kushuka ndani ya dakika chache, taja hilo kabla ya kitu kingine chochote: ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa, na maji ya mfereji yanaweza kuwa yanaupeleka kwenye safu inayofuata wakati unazungumza.

Barua ya pili

Baada ya siku 10 za kufuata ushauri, andika tena kwa ufupi. Ili uwe na la kusema, funga uzi kwenye mimea 10 siku ya kwanza, juu ya jani la mwisho lenye doa, na uzi mwingine kwenye kishada ambacho matunda yake yalikuwa bado na ukubwa wa gololi. Doa la zamani halirudi kuwa kijani hata dawa ikifanya kazi vizuri, kwa hiyo usiripoti majani yaliyo chini ya uzi. Ripoti kama madoa yamevuka uzi, kwa mimea mingapi kati ya 10, na kama matunda ya kishada kilichofungwa yamebaki na kitako cha kijani.